Sabuni ya mkono nauza 2,000, duka linataka asilimia 30 yake: bei inapangwaje hapa?

BintiPangani
Habari za jioni wakuu. Nipo Pangani, natengeneza sabuni za kuogea kwa mkono, mafuta ya nazi na mawese nusu kwa nusu, ndani kuna mwani wa kusaga na mafuta ya karafuu. Mkupuo mmoja nachanganya kilo 3 za mafuta napata vipande 40. Malighafi inanila kama 35,000, halafu karatasi ya khaki, lebo na kikamba cha katani ni 300 kila kipande. Nauza 2,000. Kwa hesabu yangu kipande kinanisimamia 1,175 kwa hiyo kila kimoja kina 825 yangu, lakini miezi inaenda hiyo 825 siioni na kila nikitaka kununua mafuta ya mkupuo mwingine lazima nikope. Sasa kuna duka la zawadi Tanga mjini wako tayari kuzichukua kwa mali kauli, wao wanakata asilimia 30 ya bei ya kuuzia. Yaani kwa 2,000 mimi napata 1,400. Nikubali? Na zile zinazokaa miezi bila kuuzika zinaingia wapi kwenye hesabu? Nasubiri michango.

Kidume_Mlandizi
Simpo dada, chukua malighafi zidisha mara 3. 35,000 gawa kwa 40 ni 875, mara 3 ni 2,625. Uza 2,600 lala usingizi. Kila mjasiriamali anatumia hiyo, sehemu moja inarudisha mali, moja yako, moja dharura.

MtaalamuWaMaji
Mimi ndoo ya lita 20 nauza na faida yangu inaonekana siku hiyo hiyo. Salfoniki, slesi, ungarol, chumvi, rangi na harufu, unakoroga asubuhi jioni unagawa mtaani. Tatizo lako ni vipimo, chumvi ukizidisha inakuwa nyepesi kama maji. Punguza chumvi.

BintiPangani
@MtaalamuWaMaji asante ila yangu siyo ya maji kaka, ni ya kipande, inakaa wiki nne mpaka sita kwenye shelfu ikauke ndio naifunga.

MtaalamuWaMaji
Wiki sita?? Mimi ningekuwa nimeshapiga mikupuo 30. Hamia kwenye maji dada.

BabuKostiki
Uzi mzuri, naweka kambi. Nimefundisha vikundi kutengeneza sabuni za kipande kwa muda mrefu na hili swali ndilo linalowaangusha kuliko hata kostiki. Kabla ya kwenda kwenye bei naomba BintiPangani unijibu mawili. Moja, hizo kilo 3 unapima kwa mzani au unapima kwa lita? Mbili, kwenye vipande 40, vingapi vinauzwa kweli kwa 2,000 kamili? Usinipe unavyotamani, nipe ilivyo.

BintiPangani
@BabuKostiki shikamoo. Nachanganya kwa mzani, gramu 1,500 nazi na 1,500 mawese, kostiki gramu 460, maji kama lita moja. Mafuta nanunua kwa lita, nazi 10,000 mawese 6,000, ndio maana niliweka 15,000 na 9,000. Kostiki 2,800, karafuu 7,000, mwani kama 1,100. Kwenye 40, vile vya pembeni vinatoka vibaya na vingine nagawa watu wajaribu, jumla kama vinne. Vinne vingine hukaa mpaka harufu inapungua nauza 1,000. Vilivyobaki 32 ndio vinakwenda 2,000.

BabuKostiki
Marahaba. Vipimo vyako vya kostiki viko vizuri, mafuta ya nazi yanakula kostiki nyingi kuliko mawese, na kwa nusu kwa nusu hiyo 460 inakuachia mafuta kidogo ya ziada yasiyogeuka sabuni, ngozi haikauki. Hapo sina neno.

Ila hesabu ya mafuta imepungua. Lita ya mafuta haifiki kilo, inacheza kwenye gramu 920 hivi. Gramu 1,500 siyo lita moja na nusu, ni lita moja nukta sita na kidogo. Kwa hiyo nazi ni kama 16,300 na mawese kama 9,800. Malighafi yako ni 37,000 siyo 35,000, kipande 925. Ni 50 tu kwa kipande lakini hiyo ni 2,000 kila mkupuo inatoka mfukoni kimya kimya.

Pili, hujaweka muda wako hata senti. Kuchanganya na kuosha vyombo, kukata, kufunga na kubandika lebo, mkupuo wa 40 hauwezi kuwa chini ya saa tano. Ukijilipa 2,000 kwa saa, ambayo ni pesa ya kibarua tu, ni 10,000, yaani 250 kwa kipande. Ongeza glavu, umeme wa blenda na nauli ya kufuata mafuta, tuseme 125. Jumla: 925, na 250, na 300 ya kufungia, na 125. Inakuja 1,600.

Sasa mwenye duka akikupa 1,400 unamuongezea 200 juu kila akiuza sabuni yako.

Neema_wa_Milulu
Heee! Babu umenitisha. Mimi nasuka vikapu vya milulu huku Iringa na hiyo kanuni ya mara 3 ya @Kidume_Mlandizi ndiyo niliyofundishwa na shoga yangu. Milulu na rangi na ngozi ya mkono kwangu ni kama 4,000 kwa kikapu cha kati. Mara 3 ni 12,000. Lakini kikapu kile nakisuka siku tatu. Ukitoa 4,000 inabaki 8,000 kwa siku tatu, mtu wa kulima shamba la mtu anapata zaidi.

Kidume_Mlandizi
@Neema_wa_Milulu sasa siku tatu dada si unasuka huku unapiga stori na kuangalia tamthilia 😂 hizo siyo siku tatu za kazi.

Neema_wa_Milulu
@Kidume_Mlandizi mikono inasuka, mdomo ndio unapiga stori. Njoo usuke kitako cha kikapu kisipinde halafu uniambie kama ni mchezo.

BabuKostiki
Neema ameshika penyewe. Mara 3 inakubali pale ambapo malighafi ndiyo kubwa na kazi ni ndogo. Kwa sabuni ya Binti imetoa 2,625 na kwa bahati iko karibu na ukweli wa kuuza mwenyewe. Kwenye kikapu malighafi ni kidogo na kazi ndio kila kitu, kwa hiyo mara 3 inapotea kabisa. Huko anza na saa, halafu ndio ujumlishe milulu.

Turudi kwenye zisizouzika. Watu wanapenda kuongeza asilimia 10 ya kubahatisha. Binti ameshatupa namba zake, tuzitumie. Vipande 40 kwa 1,600 ni 64,000 iliyozama kwenye mkupuo. Vinavyorudisha hela kamili ni 32. Vile vinne vya nusu bei nivihesabu kama viwili. Vinne vya bure ni sifuri. Jumla ni kama ameuza 34. Gawa 64,000 kwa 34 unapata kama 1,880. Hiyo ndiyo gharama ya sabuni iliyouzika, na ile 1,600 ni gharama ya sabuni iliyotengenezwa. Tofauti ya 280 ndiyo bei ya kuuza taratibu kwa biashara yako wewe. Ya jirani yako itakuwa nyingine.

HesabuNiHaki
Naunga mkono ila nirekebishe kidogo Babu. Vya bure vinne hajavifungia karatasi na lebo, nadhani vile vya pembeni anatoa hivyo hivyo. Kwa hiyo toa 1,200. Inakuwa 62,800 kwa 34, kama 1,850.

BabuKostiki
@HesabuNiHaki sawa kabisa, tuchukue 1,850.

BintiPangani
Mungu awabariki, sikuwahi kuiona hivi. Kwa hiyo duka nikiwaongezea asilimia 30 juu ya 1,850, inakuwa 2,405, niwape wauze 2,400 basi si tumemaliza?

HesabuNiHaki
Hapana hapana, hapo ndipo wengi wanaumia! Wao wanakata asilimia 30 ya bei ya kuuzia, hawakati kwenye gharama yako. 30 kwa 100 ya 2,400 ni 720. Unabaki na 1,680, uko chini ya 1,850 tena. Usizidishe, gawanya. Kinachobaki kwako ni 70 katika kila 100, kwa hiyo 1,850 gawa kwa 0.7 inakuja kama 2,640, na hapo umerudisha gharama tu, faida hakuna. Ukitaka na wewe ubaki na 20 katika kila 100 ya bei, basi inayobaki kubeba gharama ni 50. 1,850 gawa kwa 0.5 ni 3,700.

Kidume_Mlandizi
3,700 sabuni??? Dukani sabuni ya kiwandani sijui 1,500. Nani ananunua.

MamaShela_Unguja
@Kidume_Mlandizi mtalii ananunua mwanangu, na hata Mswahili anayempelekea mtu zawadi ananunua. Huku kwetu sabuni za mwani zipo siku nyingi, akina mama wa Paje na Jambiani wanalima mwani na wengine wakaanza kuuweka kwenye sabuni, na hakuna anayeuza kwa bei ya sabuni ya kufulia. Ila nami nina neno kwa Babu. Mimi sikubali kuwa sabuni inayokaa iwekwe kwenye bei. Inakaa kwa sababu imetengenezwa wakati mbaya. Wageni wanajaa Juni mpaka Oktoba, halafu tena Desemba mpaka Februari. Machi mpaka Mei ni masika, hoteli nyingine zinafunga kabisa. Sasa mtu anachanganya Februari mwishoni, sabuni inaiva Aprili, inakaa dukani hakuna mtu, unyevu wa masika unaifanya itoe jasho, lebo inalainika, mwisho unaiuza nusu bei halafu unasema biashara ya sabuni iko taratibu. Panga ratiba tu, punguza kutengeneza kabla ya masika, hiyo 250 iliyozidi juu ya 1,600 haitakuwepo.

BabuKostiki
Bi Mama Shela una hoja lakini sabuni za Juni lazima ziwe zimekauka Juni, na kukausha ndani ya masika huku pwani ni kazi. Wiki sita zinakuwa nane. Akitaka za msimu achanganye Januari, na hapo hela inalala mpaka Juni. Hiyo nayo ina bei.

MamaShela_Unguja
Ina bei lakini siyo sawa na kuuza nusu bei. Na mafuta ya nazi na mawese hayachachi haraka, sabuni yake ikikauka vizuri inakaa hata mwaka kwenye boksi la karatasi lenye hewa. Yenye mafuta mengi ya alizeti ndiyo utaona vidoa vya rangi ya chungwa na harufu ya mafuta yaliyooza. Huyu hana hilo tatizo, lake ni karafuu kuisha harufu.

Vikoba_Queen
Sasa hapo kwenye hela kulala mbona hamkupiga hesabu wakati kasema anakopa? Kikundi chetu riba ni asilimia 5 kwa mwezi. 64,000 ni 3,200 kwa mwezi. Mchanganyo mpaka duka limlipe tuseme miezi minne, 12,800. Gawa kwa hizo 34 ni kama 375 kwa kila sabuni. Hiyo ni zaidi ya karatasi na lebo!! Na mali kauli ndiyo inafanya iwe miezi minne badala ya miwili.

HesabuNiHaki
@Vikoba_Queen hoja safi ila mikono yake hakuikopa. Kwenye hiyo 64,000 kuna 10,000 ya kazi yake, na tumeshatoa 1,200 ya kufungia. Fedha taslimu iliyotoka ni kama 52,800. Asilimia 5 ni 2,640 kwa mwezi, miezi minne ni kama 10,560, kwa 34 inakuwa kama 310. Bado ni kubwa, hapo tuko pamoja.

Vikoba_Queen
Na kusubiri miezi minne bila kulipwa mikono yangu ni bure? Mimi ningeihesabu.

HesabuNiHaki
Hapo utakuwa unajilipa riba mwenyewe. Lakini sikatai, kila mtu na daftari lake.

Mutua_Kiondo
Salamu kutoka Nairobi. Hapa kwetu kwa vyondo hii kitu ya mali kauli imetuchosha. Mama yangu anasuka kiondo cha makonge huko Machakos, mimi nachukua napeleka Kariokor kuwekwa mshipi wa ngozi halafu nasambaza kwa maduka. Ngozi ndiyo bei, wakati mwingine mshipi na bitana inapita makonge yote. Kitu nimejifunza kwa maduka ni hii, usiulize tu wanakata ngapi, uliza wanalipa lini na nani anabeba hasara ya iliyoharibika. Kuna duka moja ilikuwa inakata kidogo kuliko wengine wote nikafurahi, kumbe kiondo kikipauka kwa dirisha sababu ya jua wananirudishia mimi. Hiyo ya bei rahisi ikawa ndiyo ghali.

BintiPangani
@Mutua_Kiondo hili sikuwauliza kabisa. Wao walisema watalipa kila mwisho wa mwezi kwa vilivyouzika.

Mutua_Kiondo
Andikiana basi, hata karatasi moja. Vipande ngapi viliingia, bei, tarehe ya kuhesabu, na kama havijauzika baada ya miezi mitatu unavichukua. Na uliza kama wananunua kwa pesa taslimu watakata ngapi. Mimi duka likinunua kabisa nawapa hata asilimia 40 na bado nalala vizuri kuliko 30 ya kungoja.

HesabuNiHaki
Asilimia 40 kwa Binti inakuwa hivi: kwa bei ya 3,500 anapata 2,100 mkononi siku hiyo hiyo. Kwa mali kauli ya 30 anapata 2,450 baada ya miezi. Tofauti 350. Ukitoa riba ya Vikoba_Queen, tena hapo vya kurudishwa hujavigusa, zinakaribiana sana.

Kidume_Mlandizi
Nyie mnaongeza tu ongeza tu. Mbona hamna anayesema apunguze gharama? Hiyo 300 ya kufungia ni kubwa. Aweke nailoni ya kubana anaipata kwa 50.

BabuKostiki
@Kidume_Mlandizi hapo umekosea njia. Sabuni ya mkono bado ina maji kidogo ndani hata baada ya wiki sita, ukiibana na nailoni huku pwani inatoa matone, mteja anadhani imeharibika. Binti akate kwenye uzito badala yake. Mkupuo wake mbichi ni karibu kilo nne na nusu, anakata 40 za gramu 110 hivi, zikikauka zinashuka asilimia 10 na zaidi, zinabaki 97, 98. Lebo inasema ngapi Binti?

BintiPangani
Lebo inasema gramu 100 😬

BabuKostiki
Basi pima zilizokauka, andika 95 ili usimdanganye mtu. Au kata vipande 50 vya gramu 88 mbichi, vitakauka vibaki 78 hivi, andika 75. Malighafi inashuka mpaka 740 kwa kipande. Mtalii haleti mzani, anaangalia inavyoonekana na inavyonukia, na mizigo ya ndege inapenda vidogo.

MamaShela_Unguja
Ila kufunga 50 ni kazi na karatasi zaidi kuliko 40, usiache hiyo. Na nikisema ukweli, vidogo kwetu wenyeji hawavitaki, wanaona umeiba.

BabuKostiki
Kweli. Kidogo kwa duka la zawadi, kikubwa kwa wenyeji, hata sura iwe tofauti ili bei zisigombane.

Neema_wa_Milulu
Hili la bei kugombana ndio nataka. Mimi nyumbani nauza kikapu 15,000, duka la mjini likiniambia 25,000, mteja wa duka akija kwangu akaona 15,000 duka si watanifukuza?

Mutua_Kiondo
Watakufukuza, mimi nilishaonywa. Uza bei moja kila mahali. Ukiuza mwenyewe hiyo asilimia 30 ni mshahara wako wa kuuza, maana na wewe umekaa hapo kutwa.

Kidume_Mlandizi
Jirani yako umuuzie bei ya mzungu? Kijiji kizima kitakususa.

Neema_wa_Milulu
Mama yangu mdogo atakuwa wa kwanza 😅

BintiPangani
Jamani asanteni sana. Kwa sasa naona hivi: duka nawaambia 3,500, nawapa vipande 15 tu kwanza, vya gramu 75 vyenye sura ya mraba, na karatasi ya makubaliano kama alivyosema Mutua. Huku Pangani vikubwa navipandisha 2,500 taratibu. Ila swali la mwisho kwa BabuKostiki, karafuu nikiongeza ili harufu ikae, uji unaganda kwenye ndoo kabla sijamimina, mkupuo uliopita robo nzima iliingia kwenye kalibu kwa kijiko. Hiyo nayo niweke kwenye hasara za bei?

BabuKostiki
Usiiweke kwenye bei, hiyo inazuilika. Karafuu inaharakisha uji kushika, na ukiizidisha inawasha ngozi pia. Mafuta na maji ya kostiki yapoe zaidi, koroga kwa mkono badala ya blenda ukishaweka karafuu, na iweke mwisho kabisa kalibu likiwa mbele yako. Karafuu ya kiasi gani unaweka kwenye hizo kilo 3?

BintiPangani
Kama mililita 45.

BabuKostiki
Ni nyingi mno. Shuka mpaka 15, chini ya hapo ni bora zaidi. Tena unapunguza karibu 4,700 kwenye malighafi.

HesabuNiHaki
Ngoja nianze upya hesabu basi 🧮

MtaalamuWaMaji
Wakuu mimi bado nipo hapa, hivi ndoo ya lita 20 nikiikopesha kwa mama ntilie akanilipa baada ya mwezi, na mimi niweke ile riba ya Vikoba_Queen?

Vikoba_Queen
Fungua uzi wako kaka 😂 ila ndiyo, weka.